Picha ya uso tu imezaa mwili wa ajabu: kupima, kutafuta chanzo na kurekebisha

Anayeleta kazi hii studio mara nyingi ana sababu ileile. Mzee amefariki, picha pekee iliyopatikana ni ile ya pasipoti, na familia inataka picha ya kusimama ya kutundika sebuleni kabla ya arobaini. Programu za akili unde zinaitoa kwa dakika chache, na kwa mtazamo wa kwanza inapendeza. Kisha binti wa marehemu anaikazia macho na kuuliza, "Kaka, mbona baba amekuwa kama mwanasesere?"

Picha ya uso haionyeshi urefu wa mtu wala miguu yake, na unene wake inaudokeza tu. Kila kitu kilicho chini ya kola kimebuniwa na modeli kutokana na picha ilizofunzwa nazo. Ukiipa kipimo, mara nyingi itakifuata. Usipoipa, itajaza mwili unaoonekana mara nyingi zaidi mtandaoni, ambao ni mwembamba, kijana na mwenye miguu mirefu.

Mimi natumia ComfyUI na modeli ya SDXL, kwa hiyo majina ya vitufe nitakayotaja ni ya huko. Wanaotumia programu za simu watakutana na dalili hizihizi, ila watakuwa na vitufe vichache vya kushika.

Pima kabla ya kugusa chochote

Jicho linajua kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, lakini mara nyingi linakosea kukitaja. Mteja anasema miguu ni mifupi, ukipima unakuta kichwa ndicho kikubwa. Kwa hiyo fungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri, chora kisanduku kuanzia kidevuni hadi utosini, kinakili, kisha ukipange kuteremka hadi kwenye nyayo. Watu wazima wengi hufika vichwa saba hadi saba na nusu. Ukipata sita kwa mtu mzima wa kawaida, kichwa ni kikubwa au mwili umebanwa. Ukipata tisa, umepata mwili wa michoro ya mitindo.

Kuna alama nyingine tatu ninazoziangalia. Nusu ya urefu wa mtu aliyesimama iko karibu na kinena, si kiunoni. Mikono ikining'inia, ncha za vidole hufika katikati ya paja. Na kiganja pamoja na vidole vyake, kuanzia kifundo cha mkono, kina urefu unaokaribia ule wa kidevu hadi nywele zinapoanzia. Hii ya mwisho inakamata makosa mengi, kwa sababu modeli hupenda kutoa viganja vidogo.

Mtego uko kwenye neno utosi. Kofia, kilemba, hijabu yenye ushungi mnene au nywele zilizojaa huongeza sentimita kadhaa juu ya fuvu. Ukihesabu na kofia ndani ya kisanduku, vichwa saba na nusu vitageuka sita na nusu, nawe utaanza kurefusha miguu isiyo na kosa. Kama utosi umefichwa, tumia macho: kwa mtu mzima mstari wa macho uko karibu nusu ya njia kati ya kidevu na utosi. Pima kidevu hadi macho, zidisha mara mbili.

Dalili: kichwa kikubwa, mwili umebanwa chini yake

Hii ndiyo inayotokea zaidi, na chanzo chake ni hesabu ya nafasi. Kwenye picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45, kichwa huchukua karibu robo tatu ya urefu, tuseme milimita 34. Mwili wa vichwa saba na nusu kwa kipimo hicho ungehitaji milimita 255, mbali na nafasi ya juu na chini. Sasa mtu anachukua picha iliyoskaniwa ikiwa na urefu wa pikseli 600, ambamo kichwa ni pikseli 450, anaiweka juu ya eneo la pikseli 1216 na kuiambia programu ijaze chini. Nafasi nzima inatosha vichwa viwili na robo tatu tu. Modeli ina njia mbili, kukata mwili kiunoni au kuukunja utoshee. Ukiwa umeandika kwamba unataka mwili mzima, itaukunja.

Dawa ni kuipunguza picha ya uso kabla ya kuongeza nafasi. Kwenye eneo la 832 kwa 1216, acha pikseli 60 juu na 60 chini, zinabaki 1096. Gawanya kwa 7.5, unapata kichwa cha pikseli 146. Kutoka 450 kwenda 146 ni kuzidisha kwa 0.325, kwa hiyo picha yote ya pasipoti inashuka kutoka pikseli 600 hadi 195. Ukiiona imekaa pale juu katikati utadhani umeharibu kazi kwa udogo wake. Iache hivyo. Ndipo utumie `Pad Image for Outpainting` kuongeza nafasi pembeni na chini.

Dalili: kiwiliwili kirefu kupita kiasi, viuno viwili, au kichwa cha pili tumboni

Hapa umeomba picha ndefu kuliko modeli ilivyozoea. Modeli za zamani za SD 1.5 zilifunzwa kwa picha za pikseli 512 kwa 512, na ukiziomba 512 kwa 1024 zinaanza mtu mpya pale mraba wa kwanza unapoishia. SDXL imefunzwa kwa eneo la takriban 1024 kwa 1024 na maumbo yenye ukubwa unaokaribia huo. Kwa mtu aliyesimama, 832 kwa 1216 na 768 kwa 1344 ni salama. Anza hapo, kisha ukuze picha baadaye. Usijaribu kuiondoa dalili hii kwa kuandika kwenye maelezo kwamba hutaki vichwa viwili. Ni umbo la eneo linaloileta, maneno hayatalibadilisha.

Dalili: programu inakataa kutoa mwili mzima

Umetaja miguu, umetaja viatu, bado picha inaishia kifuani. Kama unatumia InstantID, tazama kile kinachoingia kwenye `image_kps`. InstantID inachukua vitu viwili kutoka kwenye uso: sura yenyewe, na nukta tano za macho, pua na pembe za mdomo zinazoonyesha uso ukae wapi na uwe na ukubwa gani. Usipoweka kitu hapo, nukta zinatoka kwenye picha ileile ya pasipoti, ambamo uso umejaa fremu, na matokeo yanakuwa picha nyingine ya kichwa na mabega. Mpe pale picha ya mtu yeyote aliyesimama, uso ukiwa mdogo na juu, vipimo vikilingana na eneo lako. Sura itatoka kwa marehemu, nafasi itatoka kwa yule wa pili.

Kuhusu maelezo, maneno yanayosaidia ni yale yanayotaja vitu vilivyoko chini kabisa ya picha. Modeli haiwezi kuchora kandambili bila kufika miguuni.

```
full body photo of an elderly East African man, standing, white kanzu, leather sandals visible, tiled floor visible, plain wall
```

Dalili: mwili ni mzuri, lakini ni wa mtu mwingine

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoishia kwa kusema "programu imeamua". Vichwa vinahesabika saba na nusu, viungo viko mahali pake, ila mzee aliyekuwa mpana wa mabega amegeuka kijana wa tangazo la suti.

Vyanzo ni viwili na huja pamoja. Cha kwanza ni maneno ya sifa. Ukiandika mrembo, mtanashati, picha ya kitaalamu, umeita picha za wanamitindo na miili yao. Yaondoe yote. Kuandika urefu kwa sentimita hakusaidii, kwa sababu ndani ya picha tupu hakuna kitu cha kulinganisha nacho. Mtu wa sentimita 155 na wa 185 wote wanaweza kujaza fremu ileile. Cha pili ni mifupa, yaani mchoro wa nukta na mistari unaoiambia modeli viungo vikae wapi. Wanaotumia ControlNet ya OpenPose huchukua picha ya mkao kutoka mtandaoni, na mkao huo mara nyingi ni wa mwanamitindo. OpenPose haichukui mkao peke yake, inachukua na urefu wa kila mfupa. Paja la mwanamitindo linahamia kwa mzee bila mtu kuliona. Ukitumia ramani ya kina, ile inayoonyesha kila sehemu iko mbali kiasi gani na kamera, badala ya mifupa ndiyo unahamisha na unene pia.

Kwa hiyo usiazime mifupa, itengeneze kutokana na kipimo. Na kipimo hakitoki kwenye picha, kinatoka kabatini.

Chukua kazi ya yule binti. Nilimwomba kanzu ya baba yake, ile aliyokuwa akiivaa, si mpya. Ilikuwa na namba 56, na kanzu za dukani namba hiyo huwa ni urefu kwa inchi kutoka begani hadi kwenye pindo, yaani sentimita 142. Binti alisema pindo lilikaa juu kidogo ya kifundo, nikaweka sentimita 4 hadi sakafuni. Kutoka begani karibu na shingo hadi utosini mtu mzima ana takriban sentimita 25. Jumla ni 171. Mshono wa bega hadi mshono wa bega wa kanzu ileile ulikuwa sentimita 46.

Kichwa cha mwanaume mtu mzima, kidevu hadi utosi, ni karibu sentimita 23. Kwenye eneo letu kichwa ni pikseli 146, kwa hiyo sentimita moja ni pikseli 6.35. Hesabu iliyobaki inajitokeza yenyewe: urefu wote ni pikseli 1086, mabega ni 292, na pindo la kanzu linasimama pikseli 25 juu ya sakafu. Urefu huo ni vichwa 7.4, ndani ya kawaida, hivyo nikajua vipimo havipingani. Ningepata 8.5 ningerudi kumuuliza kama kanzu ile kweli ilikuwa ya baba yake.

Nilipozipanga nukta za mifupa, nilikumbuka kwamba nukta za mabega hukaa kwenye kiungo, ndani ya ukingo wa nje wa nguo. Ukiweka nukta mbili umbali wa pikseli 292, mzee atatoka na mabega ya mnyanyua vyuma. Nilizisogeza ndani hadi karibu 230. Nukta za nyonga nikaziweka karibu nusu ya urefu, magoti karibu robo ya urefu kutoka sakafuni, vifundo vya mikono usawa wa nyonga.

Kitu kimoja ambacho mifupa haikibebi ni unene. Mtu wa kilo 60 na wa kilo 95 wenye urefu sawa wana nukta zilezile. Hapo ndipo maneno yanafanya kazi, `heavyset` au `thin`, na ni lazima uulize. Usimwulize mtoto wa marehemu kama baba alikuwa mnene. Wengine wanajisikia vibaya, wengine wanampunguza. Uliza kiuno cha suruali yake kilikuwa namba ngapi.

Kanzu yenyewe ilisaidia kwa njia nyingine. Vazi refu lililolegea linaficha kiuno, nyonga na magoti, sehemu ambazo ubunifu wa modeli huonekana kwa urahisi. Yaliyobaki ya kukosea ni kichwa, mabega, viganja na pindo, na hayo manne tumeyapima. Ndiyo maana kama familia haijachagua nguo, mimi hupendekeza kanzu, dera, buibui au koti refu kabla ya shati la kuchomekea. Bila shaka mtu ambaye hakuwahi kuvaa kanzu asivalishwe kanzu kwa sababu inarahisisha kazi ya studio.

Dalili: uso unaonekana umebandikwa ingawa vipimo ni sahihi

Tazama picha ya asili ilipigwa kwa umbali gani. Selfi ya sentimita 30 ina pua iliyo karibu na kamera kuliko masikio kwa takriban sentimita 12. Pua iko 30, masikio yako 42, kwa hiyo pua inaonekana kubwa mara 1.4 ikilinganishwa na masikio. Picha ya kusimama hupigwa kutoka mita tatu hivi, na hapo tofauti ni mara 1.04 tu. Ukiuchukua uso wa selfi na kuuweka juu ya mwili wa mita tatu, jicho linapata kamera mbili ndani ya picha moja. Uso umevimba katikati, masikio yamekimbilia nyuma, na hakuna kiasi cha kupunguza kichwa kitakachotibu.

Kama familia ina picha nyingine yoyote iliyopigwa mbali zaidi, hata ikiwa na ukungu, chukua umbo la kichwa kutoka huko. Kama haipo, acha InstantID ichore uso upya kwa ukubwa mdogo. Itaunyoosha kiasi fulani. Na angalia urefu wa kamera pia. Selfi iliyopigwa kutoka juu ina paji pana na kidevu kidogo, na mwili unaotazamwa kutoka mbele hauwezi kukubaliana nayo. Picha za pasipoti hazina shida hii, ndiyo sababu nazipenda kuliko selfi nzuri.

Dalili: mwili umekubali, sasa sura si yake

SDXL haichori pikseli mojamoja. Inafanya kazi kwenye vyumba, kila chumba kikiwa pikseli 8 kwa 8. Kichwa cha pikseli 146 kina vyumba 18 kwa urefu, na jicho zima linabaki na viwili au vitatu kwa upana. Hakuna nafasi ya kope wala kovu. `FaceDetailer` inakata uso, inaukuza, inauchora upya na kuurudisha. Iweke `denoise`, yaani kiasi cha kuchora upya, kwenye 0.3 hadi 0.4, ukipita hapo unapata ndugu yake.

Lakini kwa marehemu sipendi kuchora uso upya kabisa, kwa sababu ndio sehemu pekee ya kweli tuliyonayo. Kuza picha nzima mara 3.08, yaani kinyume cha ule upunguzaji wa 0.325, na kichwa kinarudi pikseli 450. Picha ya asili sasa inakaa juu yake kwa ukubwa wake halisi, bila kuguswa. Laini kingo shingoni na linganisha mwanga. Picha inakuwa na urefu wa pikseli 3745, inayotosha kuchapwa A4 vizuri na kubaki na akiba.

Dalili: kila kipimo ni sahihi na bado wanasema siye

Hii ipo, na haina kitufe. Mzee alikuwa akiinama kidogo upande wa kushoto. Mama alisimama na mikono imeshikana mbele, siku zote. Shingo yake ilikuwa fupi, na picha ya pasipoti ilificha shingo kwa kola. Tafuta picha ya kundi, ya harusi au ya shule, hata akiwa nyuma ya watu wengine na nusu amefichwa. Mkao unaonekana hata kwenye picha mbaya. Ikikosekana, mkalishe. Mtu aliyekaa kwenye kiti kinachojulikana, mikono mapajani, ana mambo machache ya kukisiwa, na kiti cha plastiki cha kawaida kinakupa kipimo cha bure, kwani kikalio chake kiko karibu sentimita 43 hadi 45 kutoka sakafuni.

Na kwa picha za watoto, hesabu ya vichwa ni nyingine: karibu vinne kwa mwaka mmoja, vitano na nusu hadi sita kwa miaka mitano au sita. Modeli ikimpa mtoto wa miaka sita vichwa saba na nusu umepata mtu mzima aliyepunguzwa. Kwa mtoto na kwa mtu mzima aliye hai, kazi hii naifanya kwa ruhusa ya mwenyewe au mzazi, na kwa nguo ambazo angetoka nazo mlangoni.

Nyuma ya picha iliyochapwa naandika kwa kalamu kwamba mwili umetengenezwa na vipimo vimetoka kwenye kanzu, pamoja na mwaka. Faili ya uso wa asili inabaki peke yake kwenye folda ya familia. Kuna kazi moja ya aina hii ambayo nairudisha: tangazo la kumtafuta mtu aliyepotea. Watu mtaani wanatazama umbile kwanza wakiwa mbali, na mwili wa kubuni unawafanya wampite aliye mbele yao. Kwenye tangazo weka uso kama ulivyo, na chini yake andika urefu, unene na nguo alizotoka nazo.